Zohali Juu ya Mwezi

Katika unajimu, Mwezi ni ile sehemu ya mtu inayotaka kubembelezwa: hamu ya chakula cha nyumbani, machozi, usingizi wa raha. Zohali ni mipaka, wajibu na hofu ya kushindwa. Zohali ya mmoja ikiugusa Mwezi wa mwenzake, wawili hao huishi na jambo moja wanalolihisi kwa namna mbili.

Chukua mfano wa mume aliyezaliwa Januari 1982, Zohali yake ikiwa karibu na nyuzi 22 za Mizani, na mke ambaye Mwezi wake uko nyuzi 20 za nyota hiyohiyo. Tofauti ni nyuzi mbili tu, na wanajimu wengi huhesabu mgusano wa aina hii hadi nyuzi tano au sita. Mke anarudi jioni akiwa amegombezwa kazini. Kabla hajavua viatu, mume ameshamwambia, "Ungewaandikia barua mapema." Mke ananyamaza, akijiona kama mtoto aliyekosolewa. Lakini ni mume huyohuyo aliyekwisha lipa kodi ya miezi mitatu, na usiku huamka kuhakikisha mlango umefungwa. Mke hulala fofofo kwa sababu yake. Baridi na hifadhi vinatoka chanzo kimoja.

Hapo ndipo ufundi wa mnajimu unapoonekana, kwani mwenye kuulizwa kwanza ni mwenye Zohali. Mara nyingi machozi ya mwenzake humtia hofu kwamba ameshindwa kazi yake, naye huikimbilia barua kwa kuwa ndiyo anayoiweza. Hushauriwa kukaa kidogo na kuuliza, "Uliumia?" kabla ya kutoa suluhisho. Mwenye Mwezi hushauriwa kusema mapema anachohitaji, kusikilizwa au kusaidiwa, maana Zohali hutimiza vizuri ombi lililo wazi kuliko lile la kubahatisha.

Mnajimu makini huuliza pia saa ya kuzaliwa ya mke. Mwezi husogea takriban nyuzi 13 kwa siku, hivyo kosa la saa nane linaweza kuuhamisha nyuzi nne na zaidi. Zohali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka Jua, kwa hiyo wanaume wengi wa rika la mume huyu wana Zohali papo hapo. Mgusano huu peke yake haumchagui mchumba. Chati nzima ndiyo husomwa. Tena majaribio ya kisayansi hayajathibitisha unajimu. Inachotoa chati ni lugha ambayo wawili hao huweza kuitumia kuzungumza bila kushtakiana.

Lugha hiyo ina mpaka. Mume akizuia simu, fedha au ndugu za mkewe, mnajimu hapaswi kuliita jambo hilo somo la Zohali. Hufunga chati na kumwelekeza mke kwa watu wanaoweza kumlinda.