Kizibo kilichoshikwa na kutu kwenye pipa la dizeli

Pipa la lita 200 likisimama nje mjini Mpanda tangu mvua za Novemba hadi Aprili, mwisho wake kizibo hukataa kufunguka. Ukingo wa pipa umeinuka kuzunguka uso wa juu, kwa hiyo maji ya mvua hutuama pale na kukifunika kizibo. Mchana jua huipasha hewa iliyo ndani, nayo hutanuka na kupenya kidogo kupitia meno ya kizibo. Usiku hewa hiyo hupoa na kusinyaa, na pipa huvuta maji yaliyo juu yake. Msimu ukiisha, meno yameshika kutu. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kizibo hubanwa kama kilichochomelewa.

Pipa nililoliona likifunguliwa lilikuwa na dizeli ya mashine ya kukoboa mpunga. Fundi alilianza asubuhi, kivulini, pipa likiwa bado la baridi. Alikausha maji, akakwangua kutu kwenye mshono wa kizibo, akatia dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, kisha akaliacha hadi kesho yake. Haraka hapa haina faida, kwani oili hupenya polepole mno kwenye meno yaliyojaa kutu.

Kesho yake alichora mstari mmoja wa chaki uliopita juu ya kizibo, flanji na bati la pipa. Nadhani hiyo ndiyo hatua iliyookoa kazi yote. Flanji ni ile pete yenye meno ambayo kizibo huingia ndani yake, nayo imebanwa tu kwenye bati la pipa. Mstari ukikatika kati ya kizibo na flanji, kizibo kinazunguka na kazi inakwenda. Ukikatika kati ya flanji na bati, flanji nzima imelegea. Hapo ni kuacha mara moja, maana gasketi ya chini yake itachanika na pipa litavuja, na dizeli itolewe kwa tundu jingine.

Tundu hilo jingine ni lile dogo la robo tatu inchi, na ndilo alilolifungua kwanza. Halikuwa limeshika sana, na hewa ilitoka ikilia kidogo. Akasubiri iishe ndipo akageukia kizibo kikubwa cha inchi mbili. Pipa lililotuna juu lisiguswe kabisa hadi lipoe.

Spana ya pipa ina masikio yanayoingia katika shimo la kizibo na kushika vizuizi vilivyomo. Mwenzake alilishikilia pipa lisizunguke, naye akaegemea spana kwa uzito wa mwili isiruke. Kwanza alikaza kidogo ili kutu ivunjike, ndipo akaanza kulegeza kwa nguvu ya taratibu. Lakini kizuizi kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu, spana ikateleza. Kuongeza bomba refu kwenye mpini kungevunja na kile kilichobaki, kwa hiyo alichukua tindo.

Aliitumia tindo butu, maana kali hukata chuma badala ya kukisukuma. Aliilaza pembeni ya kizuizi kilichobaki, mbali na katikati, ikielekea upande wa kulegeza, kinyume cha mwendo wa saa. Akapiga mapigo mepesi, kisha akahamia ukingo wa kizibo upande wa pili ili kizibo kisiinamie upande mmoja. Baada ya muda oili iliyokuwa imetulia mshononi ilitibuka, ikatoa uchafu wa rangi ya kutu, na mstari wa chaki ukaachana kwa upana wa ukucha. Hapo tindo iliwekwa kando na spana ikamaliza kazi.

Tindo ya chuma hutoa cheche. Pipa hili lilikuwa na dizeli tu, likiwa la baridi, na historia yake ilijulikana. Pipa lililowahi kubeba petroli halipigwi tindo ya chuma wala halikatwi kwa mashine, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa urahisi kuliko pipa lililojaa. Likiwa tupu, hujazwa maji kupitia tundu dogo, na hata hapo hutumika kipande cha shaba. Tundu dogo nalo likikataa kufunguka, pipa hilo liachwe.

Kizibo kilipotoka, mwenye mashine alitaka kujaza tangi hapo hapo, fundi akakataa. Kutu ya namna ile ina maana maji yameingia, na maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Pipa liliachwa bila kutikiswa hadi jioni, kisha mpira ukateremshwa mpaka sakafuni mwa pipa. Kilichotoka mwanzo kilikuwa maji ya kahawia, na dizeli safi ikafuata baada ya hapo.