Muhtasari wa karata tatu: kilichoandikwa na kilichofutwa

Mteja akishatazamiwa karata za taroti, kesho yake anakumbuka picha moja iliyomtisha na neno moja lililompendeza. Swali alilokuja nalo mara nyingi limeshageuka kichwani mwake. Mwaka 1887 S. J. Davey na Richard Hodgson walichapisha London taarifa zilizoandikwa na watu waliohudhuria vikao vya kuita mizimu. Vikao hivyo Davey alivifanya kwa kiinimacho kitupu. Waandishi wale, watu wazima na makini, waliruka matendo yaliyokuwa ya maana na kuyapanga matukio visivyo. Ndiyo sababu mtazamiaji anayejua kazi yake humwandikia mteja muhtasari siku hiyohiyo, karata zikiwa bado mezani.

Mtazamiaji mwenzangu alinionyesha muhtasari wake mmoja, kwa ruhusa ya mteja. Ninauchambua kwa sababu rasimu yake ya kwanza ilikuwa na karibu kila kasoro ninayoijua, na ya pili ikasimama sawasawa.

Mteja ni mama anayeishi Uingereza, anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Walizungumza Kiswahili kwa simu ya video. Alitaka kujua kama aache kazi mwaka huu akasomee uuguzi, au asubiri. Zilitolewa karata tatu, zote zikiwa wima: hali ilivyo, kinachokwamisha, cha kuzingatia. Seti ni ile iliyochapishwa na kampuni ya Rider, London, mwaka 1909, michoro ikiwa ya Pamela Colman Smith. Seti hiyo inafaa kwa kazi hii kwa sababu hata karata ndogo zina watu na matukio. Mteja anaweza kuitazama picha akasema anachokiona bila kujua maana yoyote ya vitabuni.

Rasimu ya kwanza ilisema hivi: “Wewe ni mchapakazi lakini wakati mwingine unajishuku. Kuna jambo linakuzuia ndani yako. Sita ya Panga inaonyesha utavuka na matatizo yako yataisha.”

Sentensi mbili za mwanzo hazina kosa la wazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba ameandikiwa peke yake, kumbe wote wamepewa maneno yaleyale. Walipoambiwa wapime yanavyowafaa, kutoka 0 hadi 5, wastani ulizidi 4. Matokeo aliyachapisha mwaka 1949. Kwa mtazamiaji kipimo ni chepesi: funika majina ya karata na swali, kisha jiulize kama sentensi hiyo ungeweza kumtumia mteja wa jana. Kama ungeweza, ifute. Mteja ataikubali, atafurahi, na baada ya wiki mbili haitampa chochote cha kufikiria.

Sentensi ya tatu ina kasoro nyingine. Kwenye kikao mtazamiaji hakusema kwamba matatizo yataisha. Alisema kuvuka kunawezekana, na kwamba katika ile picha maji ya upande mmoja wa mashua yana mawimbi na ya upande mwingine yametulia. Mkono ulipokaa kuandika, “huenda” ikageuka “uta-”. Kosa hili ni la kawaida mno, kwani uandishi mfupi hula kwanza maneno ya tahadhari.

Rasimu ya pili ndiyo hii, nzima:

“Dada, uliuliza: ‘Niache kazi mwaka huu nikasome, au nisubiri?’

Hali ilivyo, Nane ya Sarafu: fundi ameinama kwenye benchi, anachonga sarafu moja baada ya nyingine. Ulisema: ‘Huyu hajainua kichwa siku nzima.’

Kinachokwamisha, Mbili ya Panga: mwanamke amefungwa macho, ameshika panga mbili, mikono imepishana kifuani. Ulisema: ‘Mikono itamchoka huyo.’ Mimi niliisoma kama uamuzi ulioshikiliwa usiende mbele wala nyuma. Ulitaja mazungumzo ambayo hujayafanya.

Cha kuzingatia, Sita ya Panga: mtu anaendesha mashua, amebeba mwanamke na mtoto, panga zimesimama humohumo. Mimi nilisema kuvuka kunawezekana. Wewe ulisema: ‘Lakini mizigo wanaenda nayo.’ Hapo hatukukubaliana, na tuliacha hivyo.

Ada ya chuo hatukuizungumzia. Hilo waulize chuoni.

La kutafakari: katika zile panga mbili, ipi ungeweza kuiweka chini kwanza? Usome tena kabla ya kujaza fomu.”

Tazama jinsi sauti zilivyotenganishwa. Picha imeelezwa kwa vitu vinavyoonekana tu, “ulisema” ni ya mteja, na “niliisoma” ni ya mtazamiaji. Mteja akirudi kuusoma mwezi ujao anaweza kuitupa tafsiri ya mtazamiaji akabaki na maneno yake mwenyewe, na kwa maoni yangu maneno hayo ndiyo mali halisi ya kikao. “Mikono itamchoka huyo” halimo katika kitabu chochote cha maana za karata. Lilimtoka mteja kabla hajaambiwa kitu, kwa hiyo lilipaswa kunukuliwa jinsi lilivyo. Mtazamiaji aliyazoea haya kwa kuandika maneno ya mteja pembeni wakati kikao kinaendelea, neno kwa neno, na tafsiri zake mwenyewe kwa vifupi tu.

Kutokubaliana kuhusu mashua kumeachwa wazi. Wengi wangekulainisha kwa sentensi ya katikati, na hapo wangekuwa wanaongeza usomaji mpya ambao mteja hakupata nafasi ya kuupinga. Mtazamiaji akipata wazo zuri usiku, simu imeshakatwa, alihifadhi kwa kikao kijacho.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni “mazungumzo ambayo hujayafanya”. Kwenye kikao mteja alieleza kinaganaga: akiacha kazi, fedha anazomtumia mama yake kila mwezi zitapungua, na hajamwambia. Muhtasari umelificha hilo makusudi. Ujumbe wa simu huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa mezani, na simu ya mtu mzima hushikwa na watoto, mume, wifi. Mteja anajua ni mazungumzo gani. Mwingine yeyote hahitaji kujua. Sheria niliyojiwekea mimi ni kwamba mtu wa tatu haandikwi jina, wala undugu wake, wala siri yake. (Picha ya karata mezani inaweza kuambatanishwa, ila ipigwe kutoka upande alioziona mteja. Karata iliyo wima ikionekana kichwa chini, ataanza kutafuta maana nyingine.)

Swali la mwisho ni moja. Ukiandika matano yatasomwa kama fomu ya kujaza. Nalo halijibiki kwa ndiyo au hapana, tena limeshikamana na kitu kinachoonekana kwenye karata, kwa hiyo atakayeona ile picha tena swali litamrudia bila kutafuta ujumbe.

Dalili kwamba muhtasari umekosea huja katika jibu la mteja. Akiandika “Kwa hiyo nitafaulu?”, kuna sentensi humo imesomeka kama utabiri, itafute na uiandike upya kabla ya kumjibu. Akiomba karata nyingine kesho yake kwa swali lilelile, huo si wakati wa kuchanganya karata. Mwambie asubiri wakati aliopewa wa kuusoma tena muhtasari. Mama huyu alijibu baada ya siku kadhaa, kwa maneno mawili: “Ya kushoto.”