Sifuri iliyowaponza wavuvi

Mliokuwamo kwenye kundi la wasapu la wavuvi wa Vanga Jumanne usiku mliona wenyewe. Linki ya "mkopo wa wavuvi" iliingia saa moja na dakika kumi, admini akaipitisha VirusTotal, akapata sifuri, akabandika skrinishoti: "Safi, bofyeni." Kuipima kabla ya kubofya alifanya vyema. Lile "safi" ndilo kosa, tena la mtu mzima.

Skrini yenyewe haikusema safi. Ilisema `No security vendors flagged this URL as malicious`, yaani katika kampuni zote zilizoulizwa hakuna iliyoitilia alama. Nyingi hutegemea orodha za linki zilizokwisha kuripotiwa. Nami nilipotazama kumbukumbu za usajili, domeni ile ilikuwa imesajiliwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nani angewahi kuiripoti? Alhamisi nikaipima tena: alama tisa nyekundu. Linki ni ile ile, ila sasa waliolizwa walikuwa wameshalalamika.

La pili nimelisema hapa mpaka nimechoka. Kipimaji hakiifungui linki kikiwa Vanga. Hutumia seva iliyo mbali, na ukurasa wa tapeli humkagua mgeni kwanza: anatoka nchi gani, ana simu au kompyuta? Niliifungua kwa laptopu nikipitia VPN ya Ulaya, ikanipeleka Google. Nikaifungua kwa simu kuukuu isiyo na akaunti yoyote, kwa intaneti ya hapa nyumbani, ikatoka fomu inayotaka namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa. Hivyo viwili ndivyo anavyovitafuta anayetaka kuihamisha laini yako kwenye simu yake. Na fomu haina kirusi ndani. Ni visanduku viwili na kitufe.

Manahodha wetu wa zamani walipoingia mlangoni usiku hawakutupa bildi mara moja wakalala. Walitupa tena na tena, kwa kuwa kina cha pale si kina cha mbele, wala cha maji kujaa si cha maji kupwa. Admini wa siku hizi hutupa mara moja, akapiga picha.

Jicho tu lingetosha. Anwani ilikuwa ya namna hii, jina nimelibadili:

```
https://ecitizen.go.ke.mkopo.example/omba
```

Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, kisha usome kurudi kushoto. Mwenye nyumba ni `mkopo.example`. Hiyo `ecitizen.go.ke` ni kibao alichojitundikia mlangoni. Na msinirudishie hadithi ya kufuli: kufuli husema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani, na cheti chake tapeli hukipata bure.

Admini, ile skrinishoti bado umeibandika juu ya kundi. Ifute.