'Lassen' si kuruhusu tu
Kufasiri kitenzi cha Kijerumani 'lassen' kwa neno moja tu, 'kuruhusu', ni kumpotosha mwanafunzi. 'Ich habe das Buch zu Hause gelassen' ni 'nimeacha kitabu nyumbani': kitenzi kimesimama peke yake, ndiyo maana kikawa 'gelassen'. Lakini 'Ich habe ein Kleid nähen lassen' ni 'nimeshonesha gauni'. Hapa kimeandamana na 'nähen', yaani kushona, kwa hiyo kinabaki 'lassen'. Ukisema 'gelassen' umekosea. Haya, 'Sie hat ihn singen lassen' je? Alimwacha aimbe au alimwimbisha? Umbo ni lilelile, muktadha ndio huamua. Kiswahili, bwana, hakina utata huo: '-ish-' ya 'alimwimbisha' yatosha.