Bafa Kwanza, Kipimo Baadaye

Tuseme umepasua seli kwa bafa yenye Triton X-100 asilimia 1 na DTT milimola 5, na sasa unataka kujua umepata protini kiasi gani. Vipimo viwili vinavyotumika sana maabara vyote vina ugomvi na bafa hiyo, ila kila kimoja kinagombana na kitu tofauti.

Kipimo cha Bradford cha mwaka 1976 hutumia rangi ya Kumasi G-250 ndani ya asidi ya fosforiki. Rangi hiyo ikiwa peke yake ni kahawia inayoelekea wekundu. Ikinasa kwenye protini, hasa penye arjinini, hugeuka bluu na kusomwa kwenye nanomita 595. DTT haiisumbui. Tatizo ni Triton, na SDS vilevile: sabuni hizi nazo huingiliana na rangi, hata bafa tupu ikaonyesha bluu.

Kipimo cha BCA, kilichochapishwa mwaka 1985, hutumia shaba. Katika mmumunyo wa alkali, protini huipa Cu²⁺ elektroni ikawa Cu⁺, kisha molekuli mbili za BCA huikamata Cu⁺ hiyo na kutoa zambarau inayosomwa kwenye nanomita 562. Triton ya asilimia 1 haikivurugi. Lakini DTT nayo hutoa elektroni, na shaba haijali zimetoka wapi. Glukosi na vitamini C hufanya hivyohivyo. EDTA huharibu kwa njia nyingine: huikumbatia shaba, na zambarau hupungua.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. DTT huongeza rangi, kwa hiyo bafa tupu ikisomwa dhidi ya maji huifichua mara moja. EDTA hupunguza rangi, na bafa yake tupu huonekana safi kabisa. Njia ya kuinasa hiyo ni kuongeza albumini ya ng'ombe ya kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli: ukiongeza miligramu 0.5 kwa mililita na kipimo kikakurudishia 0.3, kuna kinachokula shaba. Wala usitegemee kuzimua peke yake kama ushahidi. DTT huzimuliwa sambamba na protini, hivyo hesabu zinaweza kulingana vizuri huku zote zikiwa za uongo.

Kwa bafa yetu, mimi ningechukua BCA. Izimue sampuli mara 10: DTT inabaki milimola 0.5, chini ya kikomo cha milimola 1 kinachotajwa kwa kawaida. Kama protini ilikuwa miligramu 4 kwa mililita, inabaki 0.4, ambayo kipimo bado kinaisoma vizuri. Albumini ya mstari wa viwango itengenezwe ndani ya bafa ileile iliyozimuliwa mara 10, si ndani ya maji.

DTT ikiwa milimola 50, kuzimua hakutoshi. Ishushe protini kwa asetoni baridi, mwaga maji ya juu, iyeyushe upya kwenye bafa isiyo na DTT, ndipo upime.