Makali Yanapokuwa Butu

Modeli ya biashara ya hisa mara nyingi huzeeka kimyakimya, na siku ya hasara kubwa si lazima iwe ndiyo siku ya kufa kwake. Mfano mzuri ni mkakati wa kwenda kinyume na soko: kila siku hununuliwa hisa zilizofanya vibaya jana, na kuuzwa kwa kuazima zile zilizofanya vizuri. Amir Khandani na Andrew Lo waliupima kwa takwimu za Marekani. Kabla ya gharama, mwaka 1995 uliingiza wastani wa asilimia 1.38 kwa siku. Mwaka 2007 ilibaki asilimia 0.13. Washindani walikuwa wameongezeka. Isitoshe, mwaka 2001 bei zilianza kutajwa kwa senti badala ya sehemu za kumi na sita za dola, na pengo la bei lililokuwa likiwalisha wengi likabanwa.

Uchakavu huo hufuatiliwa kwa dirisha linalosogea: wastani wa faida wa siku kadhaa zilizopita, unaokokotolewa upya kila siku. Ufundi wenyewe uko katika kuchagua urefu wake. Tuseme modeli huingiza wastani wa asilimia 0.10 kwa siku, na faida hupanda na kushuka kwa mkengeuko sanifu wa asilimia 1. Katika dirisha la siku 60, bahati peke yake yaweza kuupeleka wastani popote kati ya -0.16 na 0.36, hata kama modeli ni nzima. Kwa siku 250, masafa hupungua kuwa kati ya -0.03 na 0.23. Dirisha fupi, basi, hupiga kelele ovyo; refu husema kweli, lakini huchelewa.

Kuna mtego mwingine. Dirisha la leo na la jana hushiriki siku 249 kati ya 250, kwa hiyo mstari ukikaa chini ya sifuri mwezi mzima, huo si ushahidi wa mara ishirini. Pengine mstari hushuka kwa sababu tu siku nono ya mwaka jana imetoka dirishani.

Ndiyo maana kikomo cha kustaafisha modeli huwekwa mapema, kabla hasara haijaanza kuuma. Agosti 2007, kuanzia tarehe 7 hadi 9, mkakati huo wa kwenda kinyume ulipoteza vibaya, kisha tarehe 10 ukarudisha sehemu kubwa. Aliyejitoa tarehe 9 alistaafisha modeli kwa hofu. Swali la haki lilikuwa lile la miaka kumi na miwili ya kushuka: je, asilimia 0.13 inalipa gharama za kununua na kuuza? Wastani wa dirisha refu ukiangukia chini ya gharama hizo, na chanzo cha faida kikijulikana kuwa kimetoweka, mtaji huondolewa wote. Chanzo kisipojulikana, mtaji hupunguzwa nusu, na modeli huendelea kupimwa kwa makaratasi bila fedha.