Wiki ya Nne

Ukitaka kumpima kocha wa mbio ndefu, chukua programu yake ya wiki 16 na uziruke wiki nzito. Hizo hufanana karibu kwa kila kocha, maana kuongeza kilomita hakuhitaji kipaji. Tafuta wiki ambayo namba zinashuka, kisha jiulize kwa nini imewekwa hapo na ni nini hasa kilichokatwa. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana.

Tumchukue mfanyakazi wa ofisini wa Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 30 na ushei, aliyezoea kukimbia kilomita 45 kwa wiki. Anajiandaa kwa Kilimanjaro Marathoni, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari, kwa hiyo anaanza mapema Novemba. Wiki ya kwanza kocha anampa kilomita 50, ya pili 55, ya tatu 60. Mtu mwenye uchu angetegemea 65 wiki ya nne. Kwenye karatasi ya kocha imeandikwa 42.

Kwa nini ya nne? Sababu ninayoiheshimu kuliko zote imo ndani ya mfupa. Mzigo wa mazoezi unapopanda, mfupa hujirekebisha kama barabara inayokarabatiwa: huchimbwa kwanza, ndipo hujazwa. Zipo seli zinazomega sehemu iliyochakaa, na kazi yao huchukua kama wiki tatu. Zile zinazojaza mfupa mpya huja nyuma yao, nazo huhitaji miezi. Katikati hapo mfupa unakuwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, wakati mapafu na moyo vimekwishaanza kuzoea na mkimbiaji anajiona ana nguvu mpya. Mwili unasema twende, muundi wa mguu unasema ngoja, na sauti ya muundi ni ndogo. Kupunguza mzigo wiki ya nne hakuumalizi ukarabati huo, ila kunapunguza idadi ya magari yanayopita juu ya shimo.

Sababu ya pili inahusu uchovu. Mwaka 1975 Eric Banister na wenzake nchini Kanada walipendekeza kwamba kila zoezi huacha vitu viwili mwilini, uwezo na uchovu, na kwamba uchovu huisha haraka kuliko uwezo. Katika hesabu zilizofuata za namna hiyo, uchovu mara nyingi hupewa kipimo cha wiki moja hadi mbili, na uwezo wiki sita hivi. Ukivipima kwa siku 7 na siku 42, basi mtu asiyefanya lolote kwa siku 7 angebaki na takriban asilimia 85 ya uwezo aliokuwa ameujenga, na chini ya asilimia 40 ya uchovu. Mwili wa mtu haufuati kanuni ya hesabu kwa unyoofu huo, lakini mwelekeo ni wa kweli, na ndio unaoifanya wiki moja itoshe. Tena mkimbiaji wetu haachi kabisa, kwa hiyo anachopoteza ni kidogo zaidi.

Sasa tuje kwenye kisu. Wiki ya tatu ilikuwa hivi: Jumanne kilomita 12, ndani yake marudio sita ya kilomita moja kwa dakika 4 na sekunde 50, Jumatano 10 za polepole, Alhamisi 10, Jumamosi 8, Jumapili mbio ndefu ya 20. Jumla 60. Wiki ya nne Jumanne inakuwa 8, na marudio ni matatu badala ya sita, kwa kasi ileile. Jumatano na Alhamisi ni 7 kila moja, Jumamosi 6, Jumapili 14. Jumla 42, yaani asilimia 30 imekatwa. Siku za kukimbia hazikupungua na kasi haikuguswa.

Wengi hufanya kinyume: hubaki na kilomita zote na kuzikimbia kivivu. Katika miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake huko Marekani waliwafanyisha watu mazoezi dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10, kisha wakawapunguzia kwa wiki 15. Waliopunguziwa muda hadi dakika 26, na hata 13, walihifadhi uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni mradi ukali wa zoezi ulibaki palepale. Waliopunguziwa ukali waliupoteza. Kwa hiyo kata urefu na uiache kasi ilivyo, maana kinachochosha zaidi ni wingi.

Asilimia 30 si amri. Chini ya 20, miguu haitambui kwamba imepewa nafasi. Ukipita 50 unaelekea kwenye likizo, ambayo ina wakati wake baada ya mashindano. Hata nafasi kati ya wiki nyepesi hutegemea mtu. Anayeanza, aliyevuka miaka 45 au aliyewahi kupata ufa wa mfupa, mimi ningempa wiki mbili nzito na moja nyepesi. Mkongwe ambaye kilomita haziongezeki sana anaweza kwenda nne kwa moja. Ningeziandika zote kabla ya siku ya kwanza, maana mtu aliyenogewa na mazoezi hajui kujikatia.

Kalenda nayo ina haki yake. Mzunguko wa pili ni 58, 63, 68, halafu 46. Angalia kwamba wiki ya tano imerudi chini kidogo ya kilele cha ya tatu. Kuruka kutoka 42 hadi 65 ni kuirudisha hatari uliyoikwepa. Wiki ya nane, ile ya 46, inaangukia Krismasi, wakati Wachaga wa Dar wanapanda mabasi kwenda Rombo, Marangu na Machame. Kama mkimbiaji wetu ni mmoja wao, kocha aliyeiweka hapo amemwepusha kubishana na shangazi zake juu ya mbio ya kilomita 25 siku ya nyama na mbege. Ila kutwa nzima kwenye kiti cha basi, kisha njia za milimani, havimpumzishi mtu. Mbio ndefu ya Jumapili aikimbie kwa pumzi, asiangalie saa.

Utajuaje kama imefaulu? Katikati ya wiki miguu huwa mizito ajabu na watu hushtuka wakidhani wameharibikiwa. Subiri. Kufikia Jumamosi mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, yawe yamerudi kwenye kawaida yake, na usingizi uwe mzito. Wiki inayofuata kasi ileile ya Jumanne ije kwa pumzi chache. Kama Jumapili mapigo bado yako juu kwa saba au nane, au muundi unauma ukiubonyeza kwa kidole mahali pamoja, wiki ya tano haianzi. Rudia ya nne, na maumivu ya mahali pamoja yapelekwe kwa daktari. Na sahani isipunguzwe pamoja na kilomita: ukarabati unataka ugali wake na maharage yake.

Mzunguko wa tatu unafika kilomita 75, kisha wiki ya 12 inashuka hadi 50. Ya 13 inapanda mara ya mwisho, 72, ikiwa na mbio ndefu yenye mlima, kwa sababu Moshi kuna kipande kirefu cha kupanda kuelekea Mweka. Ya 14 ni 60, ya 15 ni 45. Kushuka huku kwa mwisho hakufuatwi na kupanda tena, kwa hiyo kocha hahitaji kumwachia nguvu za wiki nyingine nzito. Anaweza kukata hata nusu, mradi Jumanne marudio machache yabaki, kwa dakika 4 na sekunde 50.